Kishale kifike kwanza, sauti ifuate: kuandika skripti ya kurekodi somo la Excel

Somo langu la kwanza la Excel nililirekodi kwa ajili ya kikundi cha akina mama wauza ndizi hapa Moshi. Katibu wao ndiye anayetunza hesabu, na kikundi kina kompyuta moja. Nikamtumia video kwenye simu, aitazame huku kompyuta ikiwa mbele yake. Baada ya siku mbili tukakutana jirani na Soko la Mbuyuni, akanifungulia faili lake na kuniuliza, "Mwalimu, nimevuta kama ulivyovuta wewe, mbona namba yangu imehama?"

Jumla ya ndizi aina ya mshare, iliyopaswa kukaa seli ya D2, ilikuwa imehamia D5, kwenye mstari wa ndizi aina ya kitarasa. D2 ilikuwa tupu. Alikuwa ameshika ukingo wa seli badala ya kijimraba kilichopo kwenye kona yake. Nikaitazama tena video yangu kwenye simu yake, nikaona kwamba kwa kweli hakuwa na namna ya kujua. Kijimraba hakionekani. Kishale kinapita juu ya kona mbio mbio, na sauti yangu inasema "vuta mpaka chini" wakati nimeshamaliza kuvuta.

Tangu hapo sirekodi kabla sijaandika skripti yenye sehemu tatu zinazokwenda pamoja: sauti inasema nini, kishale kiko wapi, na picha imevutwa karibu kiasi gani. Nitaeleza jinsi ninavyoiandika kwa kutumia somo hilohilo la kuvuta fomula kwenda chini, kwa sababu ndipo wanaoanza wanapokwama zaidi, na ndipo mpangilio wa sauti na kishale unapopimwa kwelikweli.

Kwanza pima kinachoonekana kwenye simu

Kabla ya kuandika neno lolote, fanya hesabu moja. Ukirekodi skrini yenye upana wa pikseli 1920, kile kijimraba cha kona kina pikseli kama 6 hivi. Simu ya kawaida ikilazwa, skrini yake ina upana wa sentimita 14 au karibu na hapo. Gawanya: kijimraba kinabaki na chini ya nusu milimita. Akiishika simu wima, kinapungua tena kwa nusu. Mtu aliyekaa nje juani hawezi kukiona, hata kama macho yake ni mazima kabisa.

Wengi hujibu tatizo hili kwa kushika Ctrl na kuzungusha gurudumu la mausi ili jedwali liwe kubwa. Fanya hivyo, inasaidia, mimi mwenyewe huweka jedwali kwenye asilimia 150 kabla ya kuanza. Lakini elewa mpaka wa dawa hiyo: seli zinakua, namba zinakua, kishale kinabaki na ukubwa wake uleule. Na katika somo hili kishale ndicho kinachofundisha. Kwa hiyo kuna ukuzaji wa aina mbili, wa jedwali ndani ya Excel na wa picha nzima wakati wa kuhariri, na huo wa pili ndio unaoandikwa kwenye skripti.

Ukuzaji wa picha nao una gharama yake. Ukirekodi kwa 1920 kwa 1080 na kutoa video ya 1280 kwa 720, unaweza kuikuza picha mara moja na nusu bila kupoteza chochote. Mara mbili inalainika kidogo. Mara tatu ukungu unaonekana, lakini kwa sekunde chache za kuonyesha umbo la kishale inavumilika. Kama skrini ya kompyuta yako ni 1366 kwa 768, usizidi mara mbili. Ongeza ukubwa wa jedwali badala yake.

Panga jedwali kwa ajili ya kamera

Jedwali la somo lianzie A1, liwe dogo. Hili ndilo ninalotumia:

| | A | B | C | D |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Aina ya ndizi | Mikungu | Bei | Jumla |
| 2 | Mshare | 6 | 12000 | 72000 |
| 3 | Mtwishe | 4 | 9000 | |
| 4 | Kisukari | 5 | 8000 | |
| 5 | Kitarasa | 3 | 7000 | |

Ndani ya D2 kuna fomula hii, ambayo mwanafunzi ameshaiandika kwenye somo lililotangulia:

```
=B2*C2
```

Sababu ya kuanzia kona ya juu kushoto ni kwamba ukivuta picha karibu, fremu inaweza kubeba vitu vitatu kwa mpigo: mstari wa fomula, herufi za kolamu, na jedwali lenyewe. Nimeona masomo mengi ambamo picha imevutwa vizuri kabisa juu ya seli, lakini herufi za juu zimekatika. Hapo ukisema "D2" mwanafunzi hana pa kuihakiki. Amebaki kukuamini tu.

Bei ziandike namba tupu. Sisi tumezoea kuandika 12,000/= kwenye daftari, na katibu wangu alifanya hivyohivyo kwenye kompyuta. Excel ikiona ile alama ya /= inaichukua seli yote kuwa maandishi, na fomula inajibu `#VALUE!`. Dalili yake ni rahisi kuonyesha: namba halisi hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi hukaa kushoto. Hilo lifanyie somo lake, usilichanganye na hili.

Andika mwendo wa kishale kabla ya maneno

Hapa ndipo kazi ilipo. Tabia ya mtu anayejua Excel ni kusema na kutenda kwa wakati mmoja, kwa sababu mkono wake hauhitaji kufikiri. Mwanafunzi ana kazi tatu: kutafuta kishale kilipo, kusikia jina la kitu, kisha kuunganisha hilo jina na anachokiona. Ukimpa zote kwa mpigo, ataangusha moja, na mara nyingi anayoiangusha ni ile ya kuona.

Mimi hufuata mpangilio mmoja ambao siuvunji. Picha inavutwa karibu wakati kishale kimesimama. Picha ikitulia, kishale kinatembea huku sauti iko kimya. Kishale kikifika na kusimama, sauti inakitaja kitu. Baada ya sauti kumaliza, ndipo kubofya. Kisha sekunde moja au mbili za kimya, jicho lione kilichobadilika.

Kosa baya kuliko yote ni kuvuta picha wakati kishale kinatembea. Vitu viwili vinasogea kwa pamoja, na jicho halijui kipi kimesogea kweli. Ukitaka kulithibitisha, rekodi mara moja hivyo, mpe mtu yeyote, kisha simamisha video na umwambie akuonyeshe kishale kwa kidole. Utaona kidole kinavyotangatanga.

Ili kuandika mwendo huu kwenye skripti, chora jedwali lenye safu nne, muda ukiwa wa kwanza. Anza kujaza safu ya kishale peke yake, juu mpaka chini, ukifanya kitendo halisi kwenye Excel na kuandika kila kituo: kinaanzia F8, kinakwenda D2, kinasimama, kinashuka konani, kinasimama. Usiandike "hapa" wala "pale", andika jina la seli. Ukimaliza safu hiyo ndipo ujaze picha, na sauti iwe ya mwisho. Ukianza na sauti utaandika hotuba, halafu kishale kitakuwa kinaikimbiza.

Skripti yenyewe

Nasoma maneno yapatayo 100 kwa dakika ninapofundisha wanaoanza. Pima kasi yako mwenyewe kwa saa ya simu: soma ukurasa mmoja kwa sauti ya kufundishia, kisha hesabu maneno. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo usishangae ukipata idadi ndogo kuliko ulivyotarajia.

Hii ni sehemu nzima ya kuvuta fomula kutoka D2 hadi D5. "Mara 2" na "mara 3" ni ukuzaji wa picha.

| Sekunde | Kishale | Picha | Sauti |
|---|---|---|---|
| 0–2 | kimesimama F8 | kutoka nzima hadi mara 2 kwa sekunde moja, kisha imetulia | (kimya) |
| 2–3 | kinakwenda katikati ya D2, kinasimama | imetulia | (kimya) |
| 3–11 | kinabofya D2 mwishoni mwa sentensi | imetulia | Hii ni Di mbili, kolamu ya Jumla. Mshare imeleta elfu sabini na mbili. |
| 11–12 | kimesimama | mara 2 hadi mara 3 | (kimya) |
| 12–17 | kimesimama, msalaba mnene mweupe | imetulia | Tazama kona yake ya chini, kulia. Kuna kijimraba. |
| 17–19 | kinashuka taratibu mpaka kijimrabani, kinasimama | imetulia | (kimya) |
| 19–24 | kimesimama, msalaba mwembamba mweusi | imetulia | Msalaba mnene mweupe umegeuka, sasa ni mwembamba mweusi. |
| 24–26 | kimesimama | imetulia | (kimya) |
| 26–27 | kimesimama | mara 3 hadi mara 2 | (kimya) |
| 27–31 | kinashikilia kitufe mwishoni mwa sentensi | imetulia | Sasa shikilia kitufe cha kushoto, usikiachie. |
| 31–34 | kinavuta hadi D5, mwendo mmoja | imetulia | (kimya) |
| 34–36 | kinaachia baada ya neno | imetulia | Achia. |
| 36–42 | kimesimama kando ya D5 | imetulia | Di tano, kitarasa: elfu ishirini na moja. |

Sekunde 42, maneno 43. Anayejua Excel ataona ni polepole mno, maana kitendo chenyewe kinamchukua sekunde mbili. Zilizobaki zote ni za jicho la mwanafunzi, na katika somo hili nisingepunguza hata moja kati ya zile mbili za kimya baada ya msalaba kugeuka.

Mapumziko hayo ni ya lazima kwa sababu kishale cha Excel kina maumbo matatu ndani ya upana mdogo sana wa seli. Katikati ya seli ni msalaba mnene mweupe. Ukivuta nao, unachagua seli tu, hazijazwi kitu. Ukingoni ni mishale minne inayotazama pande zote. Ukivuta nayo, unahamisha seli pamoja na kilichomo. Konani, juu ya kijimraba, ni msalaba mwembamba mweusi, na huo peke yake ndio unaonakili fomula kwenda chini. Katibu wangu alivuta kwa mishale minne. Ndiyo maana D5 ilionyesha 72000 ya mshare, na ukibofya D5 hiyo, mstari wa fomula bado unasoma `=B2*C2`. Ingekuwa imenakiliwa sawasawa, D5 ingesoma `=B5*C5` na jibu lingekuwa 21000.

Nilifikiria sana kama nionyeshe kosa hilo ndani ya somo. Nimeamua kutolionyesha hapo katikati, kwa sababu watu husimamisha video na kuiga kile wanachokiona wakati huo, na huenda wakasimama juu ya kosa. Badala yake naliweka mwishoni, baada ya kitendo sahihi kukamilika: "Kama namba yako imehama, bonyeza Ctrl na Z, kisha tafuta msalaba mwembamba mweusi."

Jambo moja kuhusu majina ya seli. Bi, Si, Di na Ii kwenye spika ndogo ya simu zinafanana mno, hasa kama kuna kelele za sokoni. Kwa hiyo herufi isiende peke yake. Sema "Di, kolamu ya Jumla" angalau mara ya kwanza kila unapohamia kolamu nyingine, na hakikisha kichwa cha kolamu kimo ndani ya fremu wakati huo.

Rekodi sauti kwanza, mkono uifuate

Ingawa kwenye karatasi sauti naiandika mwisho, kwenye kurekodi inatangulia. Soma skripti nzima pamoja na kimya chake. Penye kimya cha sekunde mbili hesabu moyoni "moja, mbili" huku unapumua kwa pua. Chagua muda tulivu. Wakati wa masika mimi husubiri mvua ikate, kwa kuwa bati likianza kupigwa hakuna programu itakayoiondoa sauti hiyo bila kuiharibu yako pia.

Kisha fungua OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, isikilize sauti yako masikioni, na uongoze kishale ukiifuata. Chagua chanzo cha `Display Capture` kinachochukua skrini yote, usichague `Window Capture` cha dirisha moja, kwa sababu menyu zinazochomoza ndani ya Excel mara nyingine hazirekodiwi na dirisha peke yake. Thibitisha pia kuwa alama ya kunasa kishale, `Capture Cursor`, imewekwa tiki. Nimewahi kumaliza somo la dakika kumi nikakuta kishale hakimo kabisa.

Mkono uwe na nidhamu ya aina mbili. Kishale kitembee kwa mstari mnyoofu na kwa mwendo mmoja, kisha kisimame kabisa, uondoe hata kidole kwenye mausi kama mkono unatetemeka. Na usizungushe kishale kukizunguka kitu ili kukionyesha. Kwenye Excel kuzungusha huko kunapitisha kishale ukingoni na konani, umbo linabadilika mara nne ndani ya sekunde moja, na somo lote la msalaba mweusi linapotea.

Kulinganisha wakati wa kuhariri

Weka sauti na picha kwenye programu ya kuhariri. Natumia Shotcut, ambayo ni ya bure. Ukuzaji unafanywa kwa kichujio cha `Size, Position & Rotate`: unaweka alama moja ya `Keyframes` mahali ukuzaji unapoanza na nyingine unapoishia, sekunde moja baadaye. Chini ya nusu sekunde picha inaruka na kumshtua mtazamaji. Zaidi ya sekunde moja na nusu anaanza kusubiri.

Hata ukijitahidi, kishale chako kitachelewa au kuwahi mahali fulani. Usivute sauti wala kuiharakisha. Kama kishale kimewahi kufika kabla ya sauti, hakuna tatizo, ndivyo tunavyotaka. Kama kimewahi *kubofya*, kata picha kabla tu ya kubofya, gandisha fremu hiyo ya mwisho kwa muda unaotakiwa, kisha endelea. Kwa kuwa kishale kilikuwa kimesimama, hakuna atakayegundua. Hii ni faida nyingine ya kile kimya: mahali ambapo kishale kimesimama ni mahali pa kushonea. Kama kimechelewa na sauti imeshataja kitu, kata sauti kabla ya sentensi hiyo na uongeze kimya mpaka kishale kifike.

Sehemu ya 31 hadi 34, ya kuvuta, haigandishwi. Ikiharibika, irekodi upya kuanzia kishale kikiwa kimesimama kijimrabani.

Kupima kabla ya kuituma

Itazame video kwenye simu, sauti imezimwa, mkono umeunyoosha. Katika kila kituo jiulize kama unaona kishale kina umbo gani. Kisha geuza simu kifudifudi, usikilize bila kuona: kila seli iwe imetajwa kwa jina, pasiwe na "hapa" hata moja.

Baada ya hapo nampelekea katibu. Simwelezi lolote, nakaa pembeni yake na kalamu mkononi na skripti mapajani. Kila anaporudisha video nyuma naweka alama kwenye mstari wa sekunde hizo. Toleo lile la pili alilirudisha mara moja tu, sekunde ya 17, kishale kilipokuwa kinashuka konani. "Kimekwenda upesi, mwalimu," akasema. Wakati huo nilikuwa nimekipa sekunde moja. Ndiyo maana sasa skripti inasoma 17 hadi 19.